Asidi Isiyokaa Nje

Mara ya saba nilipotoka kwenye chumba cha giza bila kuona hata chembe ya mwanga, nilivua koti langu jeupe nikalitupa kwenye sinki, juu ya vyombo vichafu, nikafungua maji. Wanafunzi wawili waliokuwa mlangoni wakarudi kinyumenyume. Wananijua. Mimi Mektrida sina subira, sijawahi kuwa nayo, na mwezi ule wa Agosti 1999 hata ile kidogo niliyokopeshwa na Mungu ilikuwa imekwisha.

Nisikilizeni vizuri ili mjue nilikuwa napigania nini. Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Miaka ishirini na mmoja kati ya hiyo nimeosha vyombo, nimechemsha vyombo na kupanga vyombo katika maabara ya chuo kimoja cha afya hapa Moshi. Madaktari mnaowaona wakitembea na vipimo shingoni, nusu yao mimi ndiye niliyewafundisha kushika pipeti, ule mrija wa kioo wa kupimia dawa, bila kunyonya sumu. Lakini kwenye karatasi naitwa msaidizi. Ndipo chuo kikatangaza kwamba msaidizi mwenye uzoefu anaweza kusoma stashahada ya juu na kuwa fundi sanifu kamili wa maabara, mradi amalize kabla hajafikisha miaka arobaini na minane. Nikasoma. Nikafaulu kila karatasi. Ikabaki kazi ya mwisho, jaribio moja la kuonyesha mbele ya mtahini kutoka Dar es Salaam. Mtahini alikuwa anakuja Ijumaa. Siku ile niliyotupa koti ilikuwa Jumatano, na siku yangu ya kuzaliwa ni Septemba. Nikikosa hapo, nitaosha vyombo mpaka nistaafu.

Wenzangu walichagua kazi nyepesi. Mmoja alihesabu vijidudu vya maji ya Mto Karanga, mwingine alipima damu za wajawazito. Mimi nikajitia kichwa kigumu. Nilikuwa nimesikia mihadhara ileile kwa miaka mingi nikiwa nyuma ya darasa nafuta meza, na kuna jambo moja lilinikaa kichwani: jinsi bakteria anavyopata nguvu. Nilitaka kuliona kwa macho yangu.

Jambo lenyewe si gumu. Bakteria amezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Katika utando huo kuna mashine ndogo ajabu inayoitwa ATP sinthesi. Kitako chake kimezama kwenye utando, kichwa chake kiko ndani ya seli. Protoni, yaani zile chembe za hidrojeni zenye chaji chanya zinazofanya kitu kiwe kichachu, zikiwa nyingi nje kuliko ndani, zinataka kuingia. Utando hauzipitishi. Mlango wao ni ule wa kitako cha mashine. Zikipita hapo zinakizungusha, kitako kinazungusha mhimili, mhimili unazunguka ndani ya kichwa, na kichwa kinaunda ATP, tatu kwa kila mzunguko. ATP ndiyo nguvu ambayo seli inatumia kwa kazi zake. Ule msukumo wa protoni kutaka kuingia, unaotokana na tofauti ya uchachu na tofauti ya chaji kati ya nje na ndani, ndio wataalamu wanauita nguvu msukumo ya protoni. Miaka miwili kabla ya hapo watu walikuwa wameifunga mashine hiyo kijiti na kuiona kwa hadubini ikizunguka. Ikizunguka, jamani! Kitu kidogo hivyo!

Bakteria wangu niliwatoa kwenye maziwa ya mgando ya mama yangu kule Kibosho. Hao hawapumui kwa oksijeni kama wengine. Wanavunja sukari, wanapata ATP kidogo, kisha wanaitumia kuiendesha mashine kinyume, isukume protoni nje. Mpango wangu ulikuwa huu: niwashindishe njaa mpaka ATP yao iishe kabisa. Niwaweke kwenye bafa, yaani maji yanayozuia uchachu usiyumbe, ya pH nane, ambako uchachu hakuna, wakae mpaka ndani nako kukaribie nane. Kisha ghafla niwamiminie asidi, nje kushuke mpaka nne, kuchachu kabisa. Hapo protoni za nje zinakuwa mara elfu kumi ya zile za ndani. Lazima ziingie kwa kasi, mashine izungushwe upande wa kuunda, na ATP itokee bila sukari hata punje moja. Baada ya sekunde kumi nawamwaga kwenye bafa inayochemka, wanakufa, ATP yao inatoka nje, na bafa inaondoa ule uchachu.

Utaijuaje ATP? Kwa vimulimuli. Kuna unga unaotengenezwa kwa mikia ya vimulimuli, ukichanganya na ATP unatoa mwanga. Chombo chetu cha kupimia mwanga kilikufa zamani, tukawa tunatumia macho, ndani ya chumba cha giza cha kuoshea picha za eksirei. Dakta Eliufoo, msimamizi wangu, aliomba chupa moja ya unga huo kwa rafiki yake aliyekuwa anasoma Ulaya. Chupa moja, basi.

Na mwanga haukutoka. Mara saba! Na usiniambie unga ulikuwa mbovu, maana bakteria walewale nikiwapa sukari badala ya asidi, mwanga ulitoka vizuri tu, wa kijani-manjano, nikaona mpaka vidole vyangu. Usiniambie walikuwa wamekufa, maana wangekufa wasingetumia sukari. Unga ulikuwa mzima, bakteria walikuwa wazima, nami nilikuwa nakaribia kichaa.

Dakta Eliufoo alinikuta nakamua koti.

"Mama Mektrida," akasema taratibu. Kijana wa Machame, mpole mpaka anaudhi. Alikuwa mwanafunzi wangu wa pipeti. "Vipi leo?"

"Giza."

"Kabisa?"

"Daktari, giza lina nusu? Giza ni giza!"

Akakaa kwenye stuli, akapekua daftari langu. "Labda ile asidi inawaua papo hapo. Mimi nafikiri tubadilishe, mama. Bado siku mbili. Nenda kachukue maji ya bomba Shirimatunda na Njoro, hesabu vijidudu, andika kurasa kumi. Utafaulu, hata kama ni kwa alama za chini."

"Nihesabu vijidudu vya bomba?"

"Ni kazi halali."

"Miaka ishirini na mmoja nimehesabu vijidudu vya bomba kwa niaba ya watu wengine, leo na mimi nikajihesabie vyangu? Weee! Sifanyi."

Akalifunga daftari. Anajua nikifika hapo hakuna anayeniondoa. Lakini alipoondoka nilikaa chini nikalia, nawaambia ukweli. Nililia kwa hasira, kwa sababu alikuwa na haki. Kitu kilikuwa hakifanyi kazi na mimi sikujua ni kwa nini.

Basi nikasema, angalau nimwonyeshe kwamba hawajafa: niwamwagie asidi, niwaoshe, kisha niwape sukari nione kama bado wanaila. Nikachukua bakteria wengine, wale wale wa njaa, nikawagawa mafungu mawili. Fungu moja nikalimiminia asidi kama kawaida, nikapima, pH nne kamili. La pili sikulitia kitu. Nikayaweka yote kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha neli kwa kasi, bakteria wakaganda chini ya neli, nikamwaga maji ya juu, nikawaosha kwa maji baridi ya chumvi. Nikawazungusha tena, nikamwaga, nikawaosha mara ya pili. Umeme siku hiyo ulikuwa wa mgao, ungekatika saa tisa, kwa hiyo nilikuwa nakimbia huku nalaani. Nikainua ile neli ya kwanza niangalie kama wamebaki wengi.

Ikanuka siki.

Nikawa mkali. Nikajua nimeosha vibaya, na mimi siwezi kuosha vibaya, hiyo ndiyo kazi yangu! Nikawaosha mara ya tatu, nikasugua mdomo wa neli kwa kitambaa, nikanusa maji ya mwisho niliyomwaga. Hayakuwa na harufu ya maana. Nikawanusa bakteria wenyewe. Siki. Hafifu, lakini siki, kama mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyolala kwenye kata tangu juzi.

Hapo ndipo niliposimama na neli mkononi, nikasahau mgao.

Lazima niwaeleze ile asidi ilikotoka. Mwezi wa Februari nilikwenda stoo kuomba asidi ya haidrokloriki. Filemon, mtunza stoo, hakunyanyua hata macho kwenye gazeti.

"Imekwisha tangu Desemba," akasema. "Asetiki ipo. Ipo mpaka wajukuu wako waikute."

Asetiki ndiyo siki yenyewe, ila ya kiwandani, kali ya kutoa machozi. Tunaitumia kwenye kazi za kutia vijidudu rangi. Nikamuuliza Filemon haidrokloriki itakuja lini, akasema anayejua ni Mungu na mtu wa manunuzi. Nikafikiri kidogo. Kwetu mlimani uchachu ni uchachu. Mama yangu anaonja maziwa, anaonja mbege, anaonja hata limau, na kwa vyote anatumia neno moja, na ulimi wake haujawahi kukosea. Na mimi nina kitu kizuri kuliko ulimi, nina kipima pH. Nikisema nne, kipimo kikasema nne, mengine ya nini? Asidi ni asidi. Nikasaini, nikachukua chupa. Kwenye mpango wa kazi nikaandika "asidi mpaka pH 4", Dakta Eliufoo akasaini chini yangu.

Sasa nikiwa nimesimama na ile neli, swali lilikuwa moja tu: kama nimewaosha nje mara tatu, siki inatoka wapi?

Nikachukua bakteria wa fungu la kwanza, nikawatia maji safi matone machache, nikawachemsha mpaka wakapasuka. Nikawafanyia hivyo hivyo wale wa fungu la pili. Nikachovya karatasi za pH. Wale wasioguswa, karatasi ikawa ya kijani. Wale wa siki, ikawa ya rangi ya chungwa. Uchachu ulikuwa ndani yao.

Yesu na Maria! Miezi sita!

Mnaona kosa? Haidrokloriki ikiingia kwenye maji inaachana na protoni zake zote, na protoni peke yake ina chaji, utando wa mafuta hauipitishi, lazima ipite kwenye mashine. Siki haifanyi hivyo. Kwenye pH nne, sehemu kubwa ya siki bado imeshikilia protoni yake mwilini. Ikiwa imeishikilia haina chaji, na kisichokuwa na chaji, kidogo namna ile, kinapenya utando moja kwa moja. Inaingia kimya kimya. Ikifika ndani inakuta pH nane, inaiachia protoni hapo hapo. Basi ndani nako kunakuwa kuchachu. Sekunde chache tu, nje na ndani vinakaribiana, msukumo haupo, na mashine imekaa tu haizunguki. Nilikuwa najaza maji upande wa juu wa ukuta huku ukuta wenyewe unavuja kila mahali. Kipima pH changu hakikunidanganya hata siku moja. Nilikuwa nakitumbukiza nje tu.

Nilimkuta Dakta Eliufoo anafunga ofisi yake. Nikamsukumia zile karatasi mbili usoni, nikamweleza nikiwa nimesimama mlangoni asiweze kupita. Akashika kichwa.

"Aisee," akasema. "Aisee, mama. Hili nalifundisha kila mwaka. Ndivyo siki inavyozuia vyakula visioze."

"Unalifundisha?"

"Mwaka wa pili. Muhula wa kwanza."

"Na ulisaini!"

"Uliandika 'asidi' tu, mama. Nilijua ni haidrokloriki."

"Na mimi nilijua ungeuliza!"

Tukatazamana. Kama si kumheshimu ningempiga na neli. Lakini nikacheka, na yeye akacheka, kile kicheko cha watu waliochoka. Kisha akaacha kucheka akaniuliza unga umebaki kiasi gani. Nikamwambia: wa neli mbili.

Alhamisi asubuhi nikatafuta asidi. Filemon akanijibu vilevile bila kunyanyua macho. Nikazunguka kwa jamaa zangu wa maabara mjini, kila mmoja anasema wiki ijayo. Mwisho nikakumbuka betri za magari. Asidi ya betri ni salfyuriki, nayo ni kali ya kweli, inaachia protoni zake majini, haipenyi utando. Nikashuka Njoro kwenye gereji moja ya betri.

"Nataka asidi," nikamwambia fundi, mzee wa makamo mwenye ovaroli iliyotoboka kila mahali.

"Unataka maji ya kuongezea au asidi yenyewe?"

"Yenyewe. Robo lita."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Gari lako liko wapi?"

"Sina gari."

"Mama, mume wako kafanya nini?"

Vijana wa pale wakaangua kicheko. Nikamwambia mume wangu yuko salama, nataka kuwamwagia bakteria. Akasema hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia kisingizio cha namna hiyo, lakini akanipimia kwenye chupa ya glasi, akaifunga kizibo mara mbili na kunionya nisiibebe kwenye kapu la nguo. Nikairudisha maabara nikaichuja, nikaimimina kidogo kidogo ndani ya maji, kamwe si maji ndani yake, mpaka ikawa nyepesi ya kutosha. Nikatayarisha kila kitu nijaribu kwa karatasi za pH, bila kugusa unga. Saa sita na dakika tano umeme ukakatika, haukurudi mpaka giza limeingia na maabara imefungwa. Sentrifuji haizunguki kwa maombi. Kwa hiyo Ijumaa, mbele ya mtahini, ndiyo ingekuwa mara yangu ya kwanza.

Ijumaa asubuhi bakteria wakiwa kwenye njaa yao ya mwisho, Dakta Eliufoo akaja.

"Neli mbili," akasema. "Zote mbili fanya kwa asidi ya betri. Ya kwanza ikigoma, una ya pili."

"Hapana. Moja kwa betri, moja kwa siki."

"Mama! Siki tunajua haifanyi kazi!"

"Mimi na wewe tunajua. Yeye hajui. Nikimwonyesha mwanga mmoja atasema ni asidi yoyote tu imewashtua bakteria."

"Na ya betri ikigoma?"

Nikamgeuzia mgongo nikapanga neli zangu. Niliogopa kweli. Lakini nilikwisha kuishi miezi sita na kitu ambacho sikijui, sikutaka kufaulu kwa kitu ambacho siwezi kukitetea.

Mtahini alifika saa nane, profesa mwembamba mwenye miwani, amebeba begi lake la safari kabisa kwa sababu alikuwa na ndege ya saa kumi na moja. Nikamwamkia, akaitika, akatazama saa. Nikafanya mbele yake. Neli ya kwanza, asidi ya betri, kipimo nne. Nikahesabu kumi, nikamwaga kwenye bafa inayochemka. Neli ya pili, siki, kipimo nne ile ile. Nikahesabu kumi, nikamwaga. Akasoma vipimo vyote viwili mwenyewe. Nikazipoza neli zote mbili kwenye barafu. Unga wa vimulimuli nilikuwa nimeuloweka tangu jana yake, ukakaa baridi mpaka mwanga wake wenyewe, wa ATP kidogo iliyobaki ndani yake, ukafa. Tukaingia chumba cha giza, mimi, yeye na Dakta Eliufoo.

"Haya, changanya," akasema kabla sijafunga mlango vizuri.

"Bado, Profesa. Umetoka juani. Macho yako yanahitaji robo saa."

"Robo saa? Mama, nina watahiniwa wengine wawili na ndege. Changanya tuone."

"Sichanganyi."

"Mama Mektrida," Dakta Eliufoo akanong'ona.

Nikavuta komeo, likalia ndani ya giza. "Profesa, shikamoo tena, na unisamehe. Unga umebaki wa neli mbili katika Moshi nzima. Nikichanganya sasa hivi hutaona kitu, utaandika hakuna kitu, na mimi nitarudi kuosha vyombo. Kaa hapo kwenye stuli. Ukiona nimekukosea, uniandikie alama sifuri ukitoka, lakini ukae."

Nikajisemea basi Mektrida, umekwisha, mdomo wako ndio umekumaliza. Kisha stuli ikalia, profesa akakaa.

"Haya," akasema kwa sauti kavu. "Kama nimefungwa, tufanye kazi. Kwa nini neli mbili?"

"Nitakujibu baada ya kuziona."

"Kwa nini ATP isitokee tu muda wote? Kwa nini sekunde kumi?"

"Kwa sababu protoni zikiingia, tofauti inapungua. Tena zinaingia na chaji yake chanya, ndani kunakuwa na chanya nyingi, inazisukuma nyuma zinazofuata. Kwenye bakteria aliyeshiba, protoni zinatolewa nje tena kila wakati. Hawa wangu wana njaa, hawana cha kuzitolea. Msukumo ukiisha, mashine inasimama."

Akauliza mengine, na mimi nikajibu, gizani, bila kuona sura yake, na nadhani ndiyo maana nilijibu vizuri. Dakika kumi na tano zikapita. Nikapapasa neli ya kushoto, ile ya betri, nikaimiminia unga.

Mwanga ukatoka.

Haukuwa mkubwa. Ulianzia pale unga ulipogusa maji, ukapanda, neli nzima ikawa ya kijani-manjano, na nikaona miwani ya profesa imeinama juu yake. Nilitaka kupiga kigelegele, nikajiziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe. Miezi sita! Machozi yalinitoka na nashukuru kulikuwa na giza.

"Nauona," profesa akasema polepole. Akakohoa. "Mzuri. Lakini, mama, umewamwagia asidi. Asidi inashtua seli, inaweza kuharibu mambo mengi. Nitajuaje kwamba ni tofauti ya protoni iliyozungusha mashine, na si uchachu wenyewe tu?"

Nikaifunika ile ya kushoto kwa kitambaa mpaka giza likarudi, nikapapasa neli ya kulia, nikaimiminia unga wa mwisho, nikaitikisa, nikamwekea mkononi.

Tukasubiri. Nilimsikia anaisogeza karibu na uso, anaigeuza, anaisogeza tena.

"Sioni kitu," akasema.

"Angalia vizuri, Profesa."

"Naangalia. Hakuna kitu humu."

"Uchachu ni ule ule. Kipimo ulisoma wewe mwenyewe. Lakini hiyo ni siki, na siki inapenya ukuta. Nje kuchachu, ndani kuchachu, tofauti hakuna."

Mara saba nilikuwa nimelitukana giza lile, nikalilia, nikatupa koti kwa ajili yake, na sasa nilisimama humo nikiomba lisivunjwe na chochote, hata na mwanga mwembamba wa chini ya mlango.

"Hakuna kitu kabisa," profesa akarudia, na safari hii sauti yake ilikuwa nyingine.

"Basi andika hivyo," nikamwambia.

Nikamsikia anapapasa mfukoni kutafuta kalamu.